I2C inagoma? Namna ya kumkamata mkosaji kwa lojiki analaiza, na kwa skopu ikibidi

Swali hili halikauki: "sensa yangu ilikuwa inasoma vizuri mezani, nimeifunga kwenye mashine inasoma mara mbili inakata, nimebadilisha laibrari tatu bado, tatizo nini?" Majibu ndo yale yale, badilisha sensa, badilisha bodi, ongeza dilei, na mtu anaishia kununua sensa tatu nzima kabisa. Hakuna hata mmoja aliyeangalia waya unasema nini. Kwa hiyo leo naandika mara moja, nikiulizwa tena natuma hii.

Nitaongelea I2C tu maana ndo inasumbua wengi, na mfano nitakaoshika mwanzo mpaka mwisho ni wa kwangu mwenyewe: mashine ya kutotolesha vifaranga niliyomfungia jirani, ESP32 iko kwenye boksi la nje, sensa ya joto na unyevu ya BME280 iko ndani karibu na mayai, katikati kuna kebo ya netiweki mita 3. Mezani na jampa za sentimita 20 ilikuwa inakwenda kama maji, kwenye mashine kila baada ya usomaji kadhaa inarudisha eror.

## Uwe na nini kabla hujaanza

- Lojiki analaiza. Ile ndogo ya bei rahisi ya chaneli 8, megahezi 24, inatosha kabisa kwa kazi hii.
- Laptopu yenye PulseView, ni ya bure. Kama unatumia Windows utahitaji na Zadig kuwekea analaiza drayva ya WinUSB, bila hiyo PulseView haitaiona.
- Multimita yoyote.
- Rezista mbili za kilo-omu 4.7 na mbili za kilo-omu 2.2.
- Skopu, kama unaweza kuazima. Hata ya megahezi 20 inafaa. Probu iwe ya ×10, sababu nitaisema mbele.

Usipopata skopu usikate tamaa, hatua ya 1 mpaka ya 6 hazihitaji skopu na kesi nyingi zinaishia humo humo.

## Nadharia kidogo tu, halafu tuingie kazini

I2C ina waya mbili, SDA ya data na SCL ya kloki. Kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba hakuna chipu inayosukuma waya kwenda juu. Kila mmoja anaweza kuvuta chini tu au kuachia, na ukiachiwa unapandishwa na rezista iliyofungwa kwenda kwenye 3.3V, mafundi tunaiita pulapu. Shika hilo maana ndo chanzo cha kesi nyingi.

Mazungumzo yenyewe ni kama kupiga hodi. Masta, yaani ESP32, anataja adresi ya anayemtafuta, biti 7 za jina na moja ya kusema anaandika au anasoma. Kisha kwenye kloki ya 9 anaachia SDA na kusikiliza. Mwenye jina akiwepo anavuta SDA chini, hiyo ndo karibu, kwenye skrini utaona ACK. Asipojibu mtu waya unabaki juu, na hiyo inaitwa NACK. Kwa hiyo NACK sio ujumbe uliotumwa na mtu, ni ukimya tu. Ukiiona usiulize "kwa nini sensa imekataa", uliza "kwa nini haikusikia, au imesikia lakini haina nguvu ya kujibu".

## Hatua zenyewe

1. Anza na multimita. Washa bodi lakini ESP32 isitume kitu (pakia kodi tupu). Pima SDA kwa graundi, halafu SCL kwa graundi. Zote mbili lazima ziwe karibu 3.3V. Ukikuta moja iko sifuri hapo hapo umeshapata kesi, ruka mpaka sehemu ya mwisho. Ukikuta 5V, moduli yako inavuta laini kwenda 5V na pini za ESP32 sio za 5V, chomoa kwanza. Pima pia umeme wa sensa pale pale kwenye sensa, sio kwenye bodi, maana kebo ndefu na jampa mbovu zinakula volti.

Kama mashine yako ina umeme wa 230V kama ya kwangu yenye hita na rilei, chomoa huo umeme wa ukutani kabisa kabla ya kugusa chochote. Graundi ya analaiza imeungana na laptopu, na graundi ya skopu imeungana na ethi ya ukutani, ukiikosea ukabana kwenye waya wenye moto utaunguza kifaa na unaweza kuungua na wewe. Kwa kazi hii lisha ESP32 kwa USB ya laptopu tu.

2. Punguza kodi mpaka ibaki swali moja. Usifuatilie tatizo ukiwa na kodi yenye skrini, waifai na mambo ishirini. Hii inauliza BME280 kitu kimoja tu, namba yake ya utambulisho iliyo kwenye rejista `0xD0`:

```cpp
#include <Wire.h>
void setup() {
  Serial.begin(115200);
  Wire.begin(21, 22);      // SDA, SCL
  Wire.setClock(400000);
}
void loop() {
  Wire.beginTransmission(0x76);
  Wire.write(0xD0);
  int e = Wire.endTransmission();
  int n = Wire.requestFrom(0x76, 1);
  Serial.printf("e=%d n=%d ", e, n);
  if (n == 1) Serial.print(Wire.read(), HEX);
  Serial.println();
  delay(200);
}
```

Jibu sahihi ni `60`. Ukipata `58` sensa yako ni nzima ila umeuziwa BMP280, haipimi unyevu, na laibrari ya BME280 itakuambia haioni sensa mpaka uchoke. Hii imewapata wengi sana na hata analaiza haikuhitajika.

3. Jaribu spidi mbili. Endesha na `400000`, kisha badilisha iwe `100000`. Hapa usiruke, ni dakika mbili zinazookoa siku nzima. Kama inagoma sawa sawa kwenye zote, mkosaji ni adresi, umeme au waya uliokatika. Kama kwenye 100000 inapona au inapungua sana, mkosaji ni umbo la mawimbi kwenye waya, na laibrari unaweza kuiacha ipumzike. Mashine ya jirani kwenye 100000 ilikwenda vizuri, kwenye 400000 ikawa inarusha `e=2` mara kwa mara, na 2 maana yake adresi imetajwa hakuna aliyeitikia. Ile 400000 nilikuwa nimeikopi kwenye kodi ya skrini bila kufikiria.

4. Funga analaiza, graundi kwanza. GND ya analaiza kwa GND ya saketi, chaneli ya kwanza kwa SDA, ya pili kwa SCL. Angalia kwamba kwenye boksi nyingi zimeandikwa CH1, CH2 lakini PulseView inaziita D0, D1, kwa hiyo CH1 ndo D0.

Ufunge wapi? Mwisho wa kebo, pale kwenye sensa. Wengi wanabana kwenye ESP32 kwa sababu ni karibu na laptopu, halafu wanaona kila kitu kizuri. Anayelalamika hasikii ni sensa, nenda kasikilize ukiwa umesimama alipo yeye.

5. Rekodi. Kwenye PulseView chagua drayva ya `fx2lafw`, sampuli 8 M, spidi 8 MHz, hiyo inakupa sekunde moja nzima. Kuna mtu atasema weka 24 kwa sababu ipo, lakini kwa 24 analaiza hizi zinasukuma data nyingi kwenye USB na laptopu nyingi zinashindwa, rekodi inakatika katikati. Sampuli 8 MHz kwa kloki ya kilohezi 400 ni 20 kwa kila biti, inatosha. Chini ya 4 MHz usishuke.

Kama unapenda kuandika komandi badala ya kubofya:

```
sigrok-cli -d fx2lafw --config samplerate=8m --samples 8m -C D0,D1 -P i2c:sda=D0:scl=D1 -A i2c
```

6. Weka dikoda ya I2C na usome kama mazungumzo. Mpe SDA = D0, SCL = D1. Mazungumzo mazima yanasomeka hivi, nimeyafupisha:

```
Start | Address write: 76 | ACK | Data write: D0 | ACK | Stop
Start | Address read: 76 | ACK | Data read: 60 | NACK | Stop
```

Ile NACK ya mwisho isikutishe! Naulizwa kila siku. Ukiwa unasoma, anayeitikia ni masta, na baiti ya mwisho anaiacha bila kuitikia makusudi ili sensa ijue imetosha. Ni halali kabisa.

Sasa hii ndo niliyoipata kwenye mashine:

```
Start | Address write: 76 | NACK | Stop
```

Soma vizuri hapo. Adresi ni 76, sahihi. Start ipo, Stop ipo. Masta kafanya kazi yake na analaiza, ikiwa imebanwa pale pale kwenye sensa, imesikia jina sawa sawa. Sensa kimya. Na usomaji mwingine ukitazama, mazungumzo yale yale yanajibiwa vizuri. Sensa mbovu au adresi mbovu haifanyi hivyo, ingekuwa kimya siku zote.

Wengi hapa wanasema "analaiza inaonyesha mawimbi mazuri ya pembe, kwa hiyo waya uko poa". Hapana. Analaiza haichori volti, inajua mambo mawili tu, juu au chini, na yenyewe ndo inaamua juu inaanzia wapi. Hizi za bei rahisi zikifika 2V zimeshahesabu juu. BME280 kwenye 3.3V inataka asilimia 70 ya umeme wake, yaani 2.31V. Waya ukifika 2.1V analaiza inasema juu, sensa inasema sijui. Kila mmoja kasikia chake. Ukifika hapa ndo unahitaji skopu.

7. Skopu. Weka probu kwenye ×10, kwenye probu yenyewe na kwenye menyu ya skopu. Probu ya ×1 inaongeza pikofaradi kama 100 kwenye laini, ya ×10 ni kama 10 mpaka 15, yaani ukitumia ×1 unaweza kuleta tatizo ambalo halikuwepo kisha ukalitafuta hadi jioni. Bana graundi karibu, volti 1 kwa kila kiboksi, maikrosekunde 1 kwa kila kiboksi, triga ukingo wa kushuka kwenye volti 1.5. Anza na SCL.

Laini nzuri inashuka wima na inapanda na kamviringo kadogo begani, kisha inatulia juu. Ya kwangu ilikuwa imekaa kama mapezi ya papa: inashuka wima, halafu inapanda taratibu taratibu, na kabla haijafika juu inavutwa tena chini. Kilele kilikuwa kinaishia 2.1V hivi. Yaani kwenye 400000 waya ulikuwa haufiki juu hata siku moja, sensa ilikuwa inabahatisha.

Pima vitu viwili. Kwanza, chini kuna volti ngapi, iwe chini ya 0.4V. Pili, muda wa kupanda kutoka asilimia 30 mpaka 70, kwa 3.3V ni kutoka 1V hadi 2.3V. Viwango vya I2C vinaruhusu nanosekunde 1000 kwa spidi ya kilohezi 100, na 300 tu kwa kilohezi 400. Kama haifiki 2.3V, rudi kwenye 100000 ndo upime, pale waya unapata muda wa kumaliza kupanda. Nilipata karibu 1250.

Dalili nyingine, na hii hata analaiza inaionyesha: pima spidi ya kloki halisi. Masta nyingi zinasubiri zione SCL imefika juu ndo zianze kuhesabu, kwa hiyo waya ukipanda polepole kloki inashuka, umeomba 400 unapata pungufu kabisa ya hapo. Kama huna skopu, hicho ni kidokezo kizuri.

8. Piga hesabu kabla ya kubandika rezista. Fomula ni moja, tr ni ule muda wa kupanda, R ni pulapu zote kwa pamoja, C ni kapasitansi ya waya na vilivyofungwa humo:

```
tr = 0.8473 x R x C
```

C yangu: kebo ya netiweki ina kama pikofaradi 50 kwa mita, mita 3 ni 150, ongeza 30 za bodi na sensa, jumla 180. R: moduli ya sensa ina pulapu za kilo-omu 10, na ESP32 ina za ndani za kama 45 ambazo Wire inaziwasha, zikiwa sambamba zinatoa kama 8.2. Ukizidisha unapata nanosekunde 1250, na ndo nilichokiona kwenye skopu. Hesabu ikikubaliana na skopu namna hiyo unajua umemkamata mhusika mwenyewe.

Nikiongeza ya 2.2 sambamba R inashuka mpaka 1.73, muda unakuwa nanosekunde 264. Imepita chini ya 300. Ya 4.7 ingenipa kama 455, haitoshi kwa 400000 ingawa kwa 100000 ingetosha sana.

Kuna mtu atasema weka ya omu 470 basi tumalize. Usifanye hivyo. Chipu ya I2C inahakikishiwa kuvuta chini miliampia 3 tu, kwa 3.3V inamaanisha jumla ya pulapu zote isishuke chini ya kilo-omu 1. Ukipita hapo waya unapanda vizuri lakini hauwezi kushuka, chini yake utaona 0.6V, 0.8V, na umehamisha tatizo kutoka juu kwenda chini.

9. Funga, pima tena. Rezista moja kati ya SDA na 3.3V, nyingine kati ya SCL na 3.3V. Kisha rudi hatua ya 6 na 7, usiridhike na "inasoma sasa". Ya kwangu ilifika 3.3V na kutulia, chini 0.2V. Nikaiacha inauliza kwenye 400000 usiku mzima, asubuhi hakuna hata `e=2` moja. Baadaye bado niliirudisha 100000, maana joto la mayai halibadiliki kwa maikrosekunde, sijui nilikuwa nakimbilia wapi.

Na jambo moja kuhusu kebo yenyewe. Nilikuwa nimeweka SDA na SCL kwenye pea moja iliyosokotwa, zinaambukizana, kila SDA ikishuka kunaonekana kijino kwenye SCL. Weka SDA na graundi kwenye pea moja, SCL na graundi kwenye pea nyingine.

## Bado inagoma?

PulseView haioni mawimbi kabisa. Uko kwenye CH1 lakini unaangalia D1, au graundi hujafunga.

Mawimbi yapo lakini dikoda inatoa takataka. Umebadilisha SDA na SCL. Kloki ni ile yenye palsi 9 zinazolingana zikifuatana, itambue kwa macho kisha rekebisha kwenye dikoda.

Adresi kila mara NACK, spidi zote. Angalia adresi kwanza. Skrini nyingi za OLED nyuma zimeandikwa `0x78`, lakini hiyo ni pamoja na biti ya kuandika, adresi yenyewe ni `0x3C`. BME280 nayo ni `0x76` au `0x77` kutegemea pini ya SDO imefungwa wapi, ukiiacha inaning'inia itabadilika badilika.

SDA iko chini muda wote. Kawaida ESP32 ilijizima ikiwa katikati ya kusoma, sensa bado inashikilia biti ya sifuri ikisubiri kloki ambayo haiji. Kubonyeza riseti hakusaidii, maana sensa haijazimika. Ipe kloki 9 kabla ya kuanza:

```cpp
pinMode(21, INPUT_PULLUP);
pinMode(22, OUTPUT_OPEN_DRAIN);
for (int i = 0; i < 9; i++) {
  digitalWrite(22, LOW);  delayMicroseconds(10);
  digitalWrite(22, HIGH); delayMicroseconds(10);
}
Wire.begin(21, 22);
```

Kama hata baada ya hapo iko chini, chomoa vifaa kimoja kimoja mpaka ipande, uliyemchomoa wa mwisho ndo mwenye kesi. Kifaa kisichopata umeme nacho kinaweza kuzivuta laini zote mbili chini, kwa hiyo pima umeme wake kabla hujamtupa.

Inagoma rilei ikibofya tu. Weka triga ya skopu kwenye SCL, modi ya mara moja, kisha bofya rilei. Kama unaona mwiba kwenye SCL, sensa imehesabu kloki ambayo masta hakuituma na kuanzia hapo hawaelewani. Sogeza kebo mbali na waya za hita, na weka dayodi kwenye koili ya rilei kama moduli haina.

Ukifunga analaiza inapona, ukiitoa inaumwa tena. Hii inachanganya watu mpaka wanaiacha analaiza imefungwa humo humo. ESP32 iko kwenye USB ya laptopu, analaiza iko kwenye laptopu hiyo hiyo, na GND yake umeibana kule kwenye sensa, yaani umeipa sensa graundi ya pili bila kujua. Graundi ya kwenye kebo yako imekatika au imelehemiwa vibaya, ipime kwa multimita ukiwa umechomoa kila kitu, ncha hadi ncha, huku unatikisa kebo.